Jimu Inapobisha Hodi Ofisini

Barua za kuuzia kampuni uanachama wa jimu zinafanana karibu zote hapa Dar es Salaam. Ukurasa wa kwanza una picha ya kijana mwenye kifua kilichogawanyika na dada anayetabasamu huku ameshika vyuma vidogo. Ukurasa wa pili ni orodha ya mashine. Wa tatu una bei ya kawaida iliyopigwa mstari mwekundu, na pembeni yake bei mpya ya "kampuni rafiki". Na mahali fulani katikati, kwa herufi nene, kuna ahadi kwamba kila shilingi moja ambayo kampuni itaweka kwenye afya ya wafanyakazi wake itarudi ikiwa shilingi tatu.

Shilingi tatu hizo zina historia, na meneja anayetaka kujua anauziwa nini afadhali aanzie hapo.

Mwaka 2010 watafiti watatu wa Marekani, Katherine Baicker, David Cutler na Zirui Song, walikusanya tafiti zilizokwisha kufanywa na wenzao kuhusu programu za afya kazini, wakazichambua kwa pamoja. Jibu lililotoka lilisema kwamba kila dola iliyotumika ilipunguza gharama za matibabu kwa dola 3.27, na gharama za watu kutofika kazini kwa dola 2.73. Wauzaji wa huduma za afya kazini walizipokea namba hizo kwa mikono miwili. Ziliingia kwenye vipeperushi vyao, zikavuka bahari, na ile tatu imebaki hata kwenye barua za watu ambao hawajui ilikotoka.

Kilichofuata hakikusafiri sana. Mwaka 2019 Song na Baicker, wawili wa wale watatu, walichapisha jaribio walilolifanya wenyewe kwenye kampuni ya maduka makubwa iitwayo BJ's Wholesale Club, yenye wafanyakazi karibu 33,000 katika maduka 160. Maduka 20 yalichaguliwa kwa bahati nasibu, yakapewa mafunzo ya lishe, mazoezi na namna ya kupunguza msongo wa mawazo. Mengine yakaachwa yaendelee kama kawaida. Baada ya miezi 18, wafanyakazi wa maduka yale 20 walisema wanafanya mazoezi zaidi na wanaangalia uzito wao zaidi kuliko wenzao. Lakini vipimo vya presha, lehemu na sukari havikuonyesha tofauti ya maana. Gharama za matibabu pia, na siku za kukosa kazi pia.

Inawezekanaje watu wale wale wapate majibu mawili yaliyopishana namna hiyo? Jaribio jingine, la Chuo Kikuu cha Illinois, lilitoa sehemu ya ufafanuzi. Kuanzia mwaka 2016 chuo kiliwagawa kwa bahati nasibu karibu wafanyakazi 5,000, baadhi wakaalikwa kwenye programu ya afya na wengine hawakualikwa. Watafiti walipoangalia ni nani kati ya walioalikwa aliyeitikia, waligundua kwamba hata kabla programu haijaanza, walioitikia walikuwa wanatumia fedha kidogo zaidi hospitalini. Ukiwalinganisha waliokuja na wasiokuja, utaona tofauti nzuri ya afya na utaipa jimu sifa yake, ingawa tofauti hiyo ilikuwapo tangu mwanzo. Tafiti nyingi za zamani zilipima hivyo.

Hili linaonekana hata bila mtafiti. Ofisi ikitangaza kwamba imelipia jimu, wa kwanza kujiandikisha ni yule kijana wa idara ya mauzo ambaye kila Jumapili alfajiri yuko barabarani na kikundi chake cha jogingi. Mzee wa stoo mwenye presha, ambaye barua ya jimu ilimtaja kama sababu ya kampuni kulipa, anasoma tangazo, anaguna, anarudi kwenye kiti chake.

Kwa hiyo jimu inayoahidi kupunguza siku za ugonjwa inaahidi kitu isichokimiliki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi hadi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na zilizobaki kwa nusu mshahara. Ni kweli kwamba siku hizo ni gharama kwa mwajiri. Ila fungua faili la vyeti vya daktari katika ofisi ya kawaida ya Posta uone kilichoandikwa humo: malaria, homa ya matumbo, mtoto kulazwa, ajali ya bodaboda. Vyuma havizuii mbu. Hata malipo ya bima ya kundi, ambayo kampuni ya bima huyapanga upya kwa kuangalia madai yaliyopita, hayashuki kwa sababu watu 14 wameanza aerobiki.

Baada ya kuondoa ahadi hizo, bado kinabaki kitu cha kuuza, na kinatosha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Mtu akizifikisha, mwili wake unanufaika, na hilo halina ubishi. Majaribio ya Marekani hayakusema mazoezi hayafai. Yalionyesha kwamba kampuni kulipa ni jambo moja na mfanyakazi kutoka jasho ni jambo lingine. Studio yenye akili itaiuzia kampuni jasho, yaani mahudhurio, na itakubali kulipwa kwa hayo.

Hapo ndipo penye ugumu, maana jimu kama biashara inaendeshwa na wasiokuja. Kodi ya jengo, umeme, mishahara ya makocha na marejesho ya mkopo wa mashine havibadiliki, waje watu 20 au 120. Ukumbi wenye nafasi ya watu 40 kwa wakati mmoja unaweza kuuza uanachama kwa watu 300, kwa sababu mwenye jimu anajua wengi watalipa na kukaa nyumbani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 na Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier ulifuatilia wanachama zaidi ya 7,700 wa jimu tatu za Marekani. Waliochagua kulipa kwa mwezi, zaidi ya dola 70, walikuja wastani wa mara 4.3 tu kwa mwezi, kwa hiyo kila ziara iliwagharimu zaidi ya dola 17. Jimu hizo hizo zilikuwa zinauza kadi ya ziara kumi kwa dola 10 kila ziara. Na hao ni watu waliokuwa wakilipa kutoka mifukoni mwao. Anayelipiwa na bosi ana sababu ndogo zaidi ya kujali kwamba hajaenda.

Tuweke hesabu mezani kwa mfano wa kufikirika, wenye namba ambazo mtu yeyote anaweza kubadilisha aweke zake. Kampuni ina wafanyakazi 80 kwenye jengo moja la Mtaa wa Samora. Studio iko Upanga, mwendo wa dakika 12 kwa miguu. Bei yake ya kawaida ni shilingi 120,000 kwa mwezi, na anayeingia kwa siku moja analipa 15,000 mlangoni. Studio inakuja na ofa: wafanyakazi wote 80 kwa shilingi 40,000 kila mmoja, mkataba wa mwaka. Ni theluthi moja ya bei. Meneja wa fedha anatabasamu.

Kwa mwezi hiyo ni shilingi 3,200,000. Kama barua imenyamaza kuhusu Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo ni asilimia 18, ankara itakuja na shilingi 3,776,000, na kwa mwaka zaidi ya milioni 45. Mwezi wa kwanza watu 30 wanajitokeza na kwa pamoja wanafanya ziara 150. Siyo mbaya, ingawa kila ziara tayari imegharimu kampuni kama shilingi 25,000. Kufika mwezi wa nne, joto la mwanzo limeshuka. Wamebaki 14, wanakuja mara sita kwa mwezi, jumla ziara 84. Gawanya: kila ziara inagharimu karibu shilingi 45,000. Mara tatu ya bei ya mtu anayeingia kutoka barabarani bila mkataba wala punguzo.

Sasa geuza mkataba. Kampuni inalipa shilingi 8,000 kwa kila ziara, kodi ikiwa ndani, na mfanyakazi mmoja halipiwi zaidi ya ziara nane kwa mwezi. Ili studio isiachwe na kocha aliyekaa bure, kampuni inakubali kulipa angalau 600,000 kila mwezi hata kama ziara ni chache. Mwezi wa kwanza ankara ni 1,200,000. Mwezi wa nne ni 672,000. Kampuni imelipia jasho lililotoka, na studio ina sababu ya kumpigia simu aliyepotea wiki mbili.

Mwenye studio atauliza, na ana haki: kwa nini nikubali laki sita na kitu wakati ningeweza kupata milioni tatu? Jibu liko kwenye ratiba yake. Ukumbi unajaa alfajiri kabla ya kazi na jioni kuanzia saa 11:30 hadi saa 1:30 usiku. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 alasiri mashine zinakaa, na umeme na kodi vinaendelea kuliwa. Mtu wa ziada anayeingia saa 7 mchana hamgharimu chochote zaidi ya maji ya bafu na sabuni. Saa hizo ndizo anazoweza kuziuza kwa bei ya chini bila kujidanganya wala kumdanganya mteja. Mkataba wa milioni tatu, kwa upande wake, huwa hauishi zaidi ya mwaka. Siku mkaguzi wa ndani anapogawanya ankara kwa idadi ya ziara, kama tulivyofanya, kampuni haipokei tena simu ya studio.

Kwa hiyo swali la kwanza la meneja liwe saa ngapi, kabla hajauliza shilingi ngapi. Ofa nyingi hupuuza kabisa swali hilo. Mfanyakazi wa Posta anayeishi Mbagala au Goba, akitoka ofisini saa 11 jioni, anawaza foleni ya kituoni. Kila dakika 20 anazochelewa mjini zinaweza kumwongezea saa nzima njiani. Ukimwambia kuna jimu Masaki amelipiwa, umempa zawadi ya kumtazamia mtu mwingine. Na jimu ya karibu na kwake hujailipia.

Inabaki saa ya chakula cha mchana, na sheria iko upande wake, kwa kuwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo anastahili mapumziko ya angalau dakika 60. Ila dakika 60 hizo zikipimwa vizuri ni chache. Dakika 12 za kwenda na 12 za kurudi ni 24. Kubadilisha nguo, kuoga na kuvaa ni 15, kama hakuna foleni ya bafu. Zimebaki 21, na hajala. Kipindi cha dakika 45 kilichoandikwa kwenye kipeperushi hakiwezekani bila mtu kuchelewa kurudi, na akichelewa mara tatu mkuu wake wa idara atamkumbusha, naye hatakwenda tena. Ndipo studio inayojua kazi yake inapoomba mambo mawili ya wazi: mwajiri aongeze dakika 30 kwenye mapumziko kwa siku mbili za wiki, zifidiwe asubuhi au jioni, na yenyewe itatoa kipindi cha dakika 30 kamili kinachoanza saa 7:15 bila kusubiri mtu. Mwajiri akikataa kutoa dakika hizo, afadhali asinunue.

Inafaa kujumlisha hapa. Vipindi viwili vya dakika 30 ni saa moja. Mwendo wa haraka wa kwenda na kurudi kwa siku hizo mbili ni dakika 48. Jumla ni 108 kati ya zile 150, na kama kipindi kina kazi ya misuli, zile siku mbili za misuli nazo zimepatikana. Zilizobaki anaweza kuzipata kwa kushuka kituo kimoja kabla. Studio iliyo umbali wa kutembea ina faida ambayo studio ya kifahari ya ng'ambo ya mji haiwezi kuinunua, na nashangaa kwamba wenye studio hawaiandiki kwenye barua zao.

Kuna jambo jingine la saa ambalo wanaume wanaoandika ofa hawalioni: nywele. Dada aliyetoka kusuka Jumamosi, au aliyenyoosha nywele zake, hatazilowesha jasho Jumanne mchana kisha aingie kwenye kikao na wateja saa 8. Anayevaa hijabu hataivua kwenye ukumbi wenye vioo unaotazama barabara. Wote wawili watasema hawana muda, na meneja ataandika kwamba wanawake hawapendi mazoezi. Kipindi kimoja kwa wiki cha wanawake peke yao, chenye kocha mwanamke na mlango unaofungwa, na kingine cha mazoezi ya nguvu ya mwendo wa pole yasiyomwaga jasho jingi, huleta watu ambao punguzo la bei halikuwaleta. Mwezi wa Ramadhani ratiba ihamie baada ya futari au isimame, na ankara isimame nayo. Hilo liandikwe kwenye mkataba, maana mwenye kufunga hafanyi aerobiki saa 7 mchana, na ile laki sita ya chini itaendelea kudaiwa.

Yule mzee wa stoo arudi sasa, kwa kuwa siku akija kweli studio lazima iwe tayari. Kabla ya kipindi cha kwanza kila mtu ajaze dodoso fupi la maswali saba linalotumiwa na jimu nyingi duniani: kama amewahi kuambiwa ana ugonjwa wa moyo au presha, kama anapata maumivu ya kifua, kama anapoteza mizani kwa kizunguzungu au amewahi kuzimia, na mengine ya namna hiyo. Akijibu ndiyo popote, anamwona daktari kwanza. Presha ipimwe akiwa ameketi na ametulia kwa dakika tano. Ikisoma 180 juu au 110 chini, siku hiyo hafanyi zoezi lolote, anaelekezwa hospitali. Anayetumia insulini au dawa za sukari kama glibenklamidi asiingie kipindi cha mchana akiwa na njaa, kwa sababu sukari inaweza kushuka ghafla. Jasho jembamba, kutetemeka na kuongea hovyo ni dalili ambazo kocha anapaswa kuzitambua bila kusubiri kuambiwa. Meneja anaweza kujua kama studio iko makini kwa kuuliza tu: mtu akianguka hapa, nani anafanya nini? Wakianza kutazamana, mazungumzo yameisha.

Majibu ya dodoso hilo yanazaa shida nyingine. Afisa rasilimali watu atayataka, mara nyingi kwa nia njema, ili ajue "hali ya afya ya wafanyakazi wetu". Asipewe. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mbali na sheria, mfanyakazi akishuku kwamba uzito wake unasomwa kwenye ofisi ya bosi, hatapanda mzani na wala hatakuja. Mashindano ya kupunguza kilo, ambayo studio nyingi hupenda kuyaweka kwenye kifurushi cha kampuni, ningeyafuta kabisa. Yanawafanya watu washinde na njaa wiki moja kabla ya kupima, na yanautangaza mwili wa mtu mbele ya wenzake kazini.

Hapo mkataba wa kulipa kwa ziara unaleta mgongano wake, tuseme ukweli. Mhasibu hawezi kulipa shilingi 672,000 kwa ankara isiyoonyesha nani alikuja, na ankara yenye majina inampa mwajiri orodha ya waliokuja na wasiokuja. Njia inayofanya kazi ni studio kumpa kila mfanyakazi kadi yenye namba, ankara ikaorodhesha namba na tarehe, na mtu mmoja aliyechaguliwa na wafanyakazi wenyewe, tuseme kutoka tawi la chama chao, akawa na orodha ya kulinganisha namba na majina. Mhasibu akitilia shaka, anamwomba huyo athibitishe namba kadhaa. Ni usumbufu kidogo. Inazuia pia ujanja ulio rahisi sana kwenye mikataba ya namna hii, yaani studio kuongeza ziara ambazo hazikufanyika.

Kuhusu mchango wa mfanyakazi mwenyewe, wapo wanaosema alipe chochote ili athamini. Nakubali nusu. Shilingi 10,000 kwa mwezi zinawapunguza wanaojiandikisha kwa kufuata mkumbo, ila zinampunguza pia mhudumu wa ofisi ambaye elfu kumi kwake ni nauli ya siku kadhaa. Kama kampuni itakata mshahara kwa ajili hiyo, iwe na ridhaa ya mfanyakazi kwa maandishi. Na kabla ya kusaini, mhasibu aeleze kama manufaa haya yatahesabiwa kuwa sehemu ya kipato cha mfanyakazi kwa ajili ya kodi, isije ikawa mtu anakatwa zaidi kwa jimu ambayo hajawahi kuiona.

Mwenye studio aliyefuata mambo haya hahitaji kurasa tano zenye picha. Barua yake inatosha ukurasa mmoja, na inaweza kusomeka hivi:

"Ndugu Meneja Rasilimali Watu,

YAH: VIPINDI VYA MAZOEZI MCHANA KWA WAFANYAKAZI WENU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Studio yetu iko dakika 12 kwa miguu kutoka ofisini kwenu. Ukumbi wetu una nafasi kati ya saa 6 na saa 9 mchana, na ndizo saa tunazoweza kuwauzia kwa bei nafuu. Tunapendekeza vipindi vya dakika 30 siku za Jumanne na Alhamisi, watu wasiozidi 15 kwa kipindi, pamoja na kipindi cha wanawake peke yao Jumatano. Mabafu yako sita.

Mtalipa shilingi 8,000 kwa kila ziara, kodi ikiwa ndani, kwa kiwango cha chini cha shilingi 600,000 kwa mwezi. Tunaomba muwape wanaohudhuria dakika 30 za ziada kwa siku hizo. Bila dakika hizo, tunawashauri msianze.

Hatuahidi kupunguza gharama zenu za bima wala siku za ugonjwa. Tunaahidi kwamba kila mwezi mtapata taarifa ya ziara ngapi zimefanyika, na kwamba taarifa ya mwili wa mfanyakazi yeyote haitatoka kwetu. Tunapendekeza majaribio ya miezi mitatu, na kila upande uweze kusitisha kwa notisi ya siku 30."

Barua ya namna hii inaweza kumshtua meneja aliyezoea shilingi tatu kwa moja. Inampa, hata hivyo, kitu cha kupeleka kwa mkurugenzi ambacho hakitamrudia usoni mwaka ujao: gharama ya juu inajulikana, kwa kuwa ziara zina kikomo, na gharama ya chini inajulikana pia.

Miezi mitatu ya majaribio isihukumiwe kwa idadi ya waliojiandikisha, maana hiyo huwa nzuri daima. Mwezi wa kwanza nao usitumike, kwa kuwa kila kitu kipya kina wateja. Namba ya kuangaliwa ni watu wangapi walikuja angalau mara nne katika mwezi wa tatu, na kati yao ni wangapi hawakuwa wakifanya mazoezi yoyote kabla. Swali hilo la pili liulizwe siku ya kujiandikisha, kwenye fomu ya studio, na studio itoe jumla tu bila majina. Wakiwa 14, na 9 kati yao ni wapya, kampuni ya watu 80 imefanya vizuri kuliko inavyodhani, na mkataba uendelee vile vile. Wakiwa 14 na 12 kati yao ni wale wa jogingi ya Jumapili, kampuni imewalipia watu kitu walichokuwa wanakifanya bure.

Hata hapo mkataba haulazimiki kuvunjwa. Mara nyingi inatosha kuhamisha kipindi kimoja, kubadilisha kocha anayepiga kelele kama yuko uwanjani, au kocha mwenyewe kuja ofisini Jumatatu mbili kufanya mazoezi mepesi ya viti kwenye ukumbi wa mikutano, ili waoga wamzoee kabla hawajavuka barabara. Studio iombe nafasi hiyo mapema, na iandike kwenye ankara kwamba Jumatatu hizo mbili hazilipiwi.